Ratiba ya Zamu Kama Dawa: Pendekezo la Kuzuia Uchovu Sugu wa Wauguzi na Madaktari Iringa

Ukitaka kujua kama wodi fulani inawamaliza watu wake, anza kwa kuomba ratiba ya zamu ya miezi mitatu iliyopita. Angalia majina yaliyofutwa na kuandikwa upya kwa kalamu. Aliyepangiwa kupumzika Jumamosi amerudishwa usiku kwa sababu mwenzake anaumwa. Aliyetoka zamu ya jioni ameandikwa tena asubuhi yake. Karatasi hiyo inasema mengi ambayo wenye majina hayo hawatayasema mbele ya muuguzi mfawidhi, na ndiyo ninayopendekeza iwe msingi wa mpango wa kuzuia uchovu sugu wa kazi katika hospitali za Iringa.

Uchovu ninaouzungumzia hapa hauishi kwa kulala usiku mmoja. Herbert Freudenberger aliueleza mwaka 1974, baada ya kuuona kwa watu waliohudumu kwenye zahanati ya bure New York. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa kuwa ni hali itokanayo na msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa, na likasisitiza kwamba si ugonjwa. Una sura tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na mtu kuona kwamba anachofanya hakina tija. Muuguzi mwenye hali hii anaweza kuwa anafika kazini kila siku na kwa wakati. Kilichobadilika ni kwamba mama anayelia kitanda namba 6 amekuwa kwake kelele tu.

Kwa nini Iringa? Kwa sababu mzigo wa kazi hapa ni wa aina isiyokwisha. Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta asilimia 11.3 ya watu wazima wa mkoa huu wanaishi na virusi vya Ukimwi, ukiwa nyuma kidogo tu ya Njombe yenye asilimia 11.4, na zaidi ya mara mbili ya wastani wa nchi. Mgonjwa wa CTC ni wa kudumu: anarudi mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka, na wanaomhudumia ni wale wale wanaoitwa wodini zamu inapopungukiwa. Juu ya hapo kuna baridi ya Juni na Julai inayojaza wodi ya watoto kwa vichomi, na akina mama wanaofika kutoka vijiji vya mbali vya Kilolo na Mufindi wakiwa tayari wamechelewa.

Tuifuate hesabu ya wodi moja. Tuchukue wodi ya wazazi ya mfano yenye wauguzi 12. Inahitaji watatu asubuhi, wawili jioni na wawili usiku, yaani zamu 7 kwa siku na 49 kwa wiki. Kila muuguzi akiingia zamu 5 kwa wiki, wauguzi 12 wanatoa zamu 60. Kwenye karatasi kuna ziada ya zamu 11, na mkaguzi akipita ataandika kwamba ikama inatosha.

Sasa weka likizo. Sheria inampa mfanyakazi siku 28 kwa mwaka. Wauguzi 12 mara siku 28 ni siku 336, na mwaka una siku 365. Maana yake ni kwamba karibu kila siku ya mwaka kuna mmoja yuko likizo, kwa hiyo wodi ya watu 12 kwa kweli ni wodi ya watu 11. Katika wodi yenye wanawake vijana, mara nyingi kuna mwingine aliye kwenye likizo ya uzazi ya siku 84, au aliyekwenda masomoni. Wamebaki 10, wenye zamu 50 dhidi ya 49 zinazohitajika. Akiugua mmoja na mwingine akiitwa semina Dodoma, wanabaki 8 wenye zamu 40. Zamu 9 hazina mtu.

Hizo zamu 9 ndizo kiini cha pendekezo hili. Haziachwi wazi, kwa sababu wodi ya wazazi haifungwi. Zinagawanywa kwa waliobaki: mmoja anaunganisha jioni na usiku, mwingine anakatiwa siku yake ya mapumziko, na usiku fulani wodi inalindwa na muuguzi mmoja na mhudumu. Hali hiyo ikidumu wiki moja, watu wanaichukulia kama dharura na wanasaidiana kwa moyo. Ikidumu miezi sita inageuka kuwa utaratibu, na hapo ndipo uchovu wa kawaida unapoanza kuwa sugu.

Mwili una sababu zake. Saa ya ndani ya binadamu hushusha joto la mwili na uangalifu kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri, hata kwa mtu aliyelala mchana kutwa. Anayetoka zamu ya jioni saa tatu usiku na kurudi saa moja na nusu asubuhi ana saa 10 na nusu mkononi. Ondoa safari, chakula na watoto, anabakiwa na usingizi wa saa tano au sita. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na mtungaji wa sheria hiyo hakukosea kifiziolojia. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya majaribio ya uratibu wa mkono na jicho vibaya sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, na akifikisha saa 24 anafanana na mwenye asilimia 0.10. Daktari aliyeitwa usiku kucha kwa upasuaji kisha akaingia raundi ya asubuhi yuko hapo hapo.

Ushahidi kwamba ratiba peke yake inaweza kubadili mambo upo. Mwaka 2004 watafiti wa Boston walilinganisha madaktari tarajali wa wodi za mahututi waliofanya zamu za saa 24 na zaidi na wale waliopangiwa zamu fupi. Wa zamu ndefu walifanya makosa makubwa ya kitabibu asilimia 36 zaidi. Tena, mapitio ya mwaka 2017 yaliyokusanya majaribio 19 yenye madaktari zaidi ya 1,500 yalikuta kwamba hatua za kubadili kazi yenyewe zilipunguza uchovu kuliko zile za kumfundisha daktari mbinu za kustahimili. Mengi ya majaribio hayo yalifanyika katika nchi tajiri, hivyo ukubwa wa nafuu hauwezi kunukuliwa kwa Iringa kama ulivyo. Mwelekeo wake naukubali, na ndiyo maana sipendekezi kuanza na semina ya siku mbili hotelini kuhusu kukabiliana na msongo. Semina hiyo ingeongeza zamu zisizo na mtu.

Kabla ya kutibu lazima kupima. Kipimo maarufu zaidi duniani ni cha Christina Maslach na Susan Jackson cha mwaka 1981, chenye maswali 22, lakini matumizi yake yanalipiwa. Ninapendekeza dodoso la Kopenhageni lililochapishwa na watafiti wa Denmaki mwaka 2005. Ni la bure, lina maswali 19, na limegawanyika katika mafungu matatu: uchovu wa mtu kwa ujumla, uchovu unaotokana na kazi, na uchovu unaotokana na kuhudumia watu. Mgawanyo huo una faida. Muuguzi mwenye alama kubwa fungu la kazi na ndogo fungu la wagonjwa anatuambia kwamba bado anawapenda wagonjwa wake, kinachomchosha ni namna kazi ilivyopangwa.

Alama zake ni rahisi. Kila jibu lina thamani 100, 75, 50, 25 au 0, kutoka kila wakati hadi kamwe. Tuseme muuguzi amejibu maswali 7 ya fungu la kazi. Sita ya kwanza yamempa 75, 100, 75, 50, 75 na 50. La saba linauliza kama anabakiwa na nguvu za kutosha kwa ajili ya familia na marafiki. Amejibu mara chache, ambayo ni 25, lakini swali hili linahesabiwa kinyume kwa sababu nguvu ni jambo jema, hivyo linakuwa 75. Jumla ni 500, gawanya kwa 7, anapata 71. Watafiti wengi huchukulia 50 na kuendelea kuwa dalili ya uchovu unaohitaji kushughulikiwa. Anayesahau kugeuza lile swali la mwisho atapata 64 na hatajua kwamba amekosea, kwa hiyo jedwali la kukokotoa litengenezwe mara moja na kukaguliwa na watu wawili.

Tafsiri ya maswali lazima ijaribiwe kwa wauguzi wenyewe, kwa kuwaomba wasome kwa sauti na kueleza wanachoelewa. Swali kuhusu kujisikia dhaifu na kuugua kwa urahisi, kwa mfano, linaweza kujibiwa na mtu anayefikiria malaria yake ya wiki iliyopita.

Linalotia hofu zaidi ni usiri. Ukimwomba muuguzi aandike umri, jinsi na miaka ya kazi, katika wodi ya watu 12 yenye mwanamume mmoja umeshamtaja jina. Dodoso liulize wodi na kada tu. Kila mtu ajitengenezee namba ya siri anayoweza kuikumbuka, mfano herufi mbili za mwanzo za jina la mama yake na tarehe ya mwezi aliyozaliwa, ili majibu yake ya mwanzo yaweze kuunganishwa na ya mwisho bila yeyote kumjua. Karatasi zitiwe kwenye sanduku lenye kufuli na zichukuliwe na watafiti wa nje ya mkoa. Chuo cha Sayansi za Afya cha Mbeya, kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kinaweza kufanya kazi hiyo baada ya kibali cha kamati ya maadili. Hospitali isipewe matokeo ya kundi lolote lenye watu chini ya 8.

Hapa kuna uamuzi mgumu ambao wapangaji wengi huupita haraka. Wengi huongeza PHQ-9, dodoso la maswali 9 la kupima sonona. Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Ukiliuliza kwenye karatasi isiyo na jina, kisha mtu akajibu kwamba anayo karibu kila siku, una taarifa kwamba mtu yuko hatarini na huna njia ya kumfikia. Kwangu hilo halikubaliki. PHQ-9 isiwe kwenye sanduku. Itumike ana kwa ana na mshauri asiye na mamlaka yoyote juu ya mfanyakazi huyo, ambaye namba yake ya simu itabandikwa chumba cha kubadilishia nguo, na ambaye anajua ampeleke wapi mwenye kuhitaji matibabu.

Hatua ya kwanza ya mpango ni kanuni za ratiba. Hakuna kurudi kazini kabla ya saa 12 kupita. Zamu za usiku zisizidi tatu mfululizo, na zifuatwe na siku mbili za mapumziko. Mzunguko uende mbele, kutoka asubuhi kwenda jioni kwenda usiku, kwa sababu mwili hukubali kuchelewa kulala kwa urahisi kuliko kuwahi. Ratiba itolewe wiki nne kabla, na daktari aliyeitwa usiku aondoke saa sita mchana bila kuomba ruhusa. Likizo na semina zipangwe Januari kwenye kalenda moja ya hospitali nzima, ili wodi mbili zisipungukiwe wiki ile ile.

Kanuni hizo bila watu ni karatasi tupu. Kwa hiyo hospitali yenye wodi nne kama ile ya mfano ingekuwa na wauguzi wanne wa akiba wasio wa wodi yoyote. Wanatoa zamu 20 kwa wiki. Wodi mbili zikipungukiwa zamu 9 kila moja, yaani 18, wanatosha. Zikipungukiwa zote nne kwa pamoja, zamu 36, hawatoshi, na hapo ndipo inapotakiwa kanuni ya kengele: mwanya wa wodi ukizidi zamu 5 baada ya akiba kutumika, muuguzi mfawidhi anaandika kwa muuguzi mkuu siku hiyo hiyo, naye analazimika kujibu kwa maandishi kama anaazima mtu au anaahirisha upasuaji usio wa dharura. Leo uamuzi huo hufanywa kimyakimya na muuguzi mmoja anayekubali kulala kazini.

Hatua ya pili inatoka jirani. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ndiyo iliyokuwa ya kwanza nchini, mwaka 2007, kujaribu mfumo wa Kijapani wa 5S, ambao wahudumu wetu wanaujua kama Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia. Wengi wanauona kama mambo ya usafi na vibandiko vya rangi. Katika mpango huu ungetumika kutafuta nguvu zinazopotea. Kwa wiki moja kila muuguzi anachora mstari kwenye kadi kila anapotoka wodini kutafuta kitu: dripu, glovu, mashine ya shinikizo la damu iliyoazimwa wodi ya pili. Mstari mwingine anauchora kila anapoandika taarifa ile ile mara ya pili, kwenye faili, rejesta ya MTUHA, fomu ya bima, na GoTHoMIS pale ilipowekwa. Timu ya wodi inachukua sababu mbili zenye mistari mingi na kuzishughulikia, kisha inahesabu tena baada ya mwezi. Trei ya dharura ya kutokwa damu baada ya kujifungua, ikiwa kamili na mahali pamoja, inaokoa mama na inamwondolea muuguzi mbio ambazo hazimtoki kichwani hata akifika nyumbani.

Hatua ya tatu ni mazungumzo. Jaribio la kliniki ya Mayo huko Marekani, lililochapishwa 2014, liliwakutanisha madaktari katika vikundi vidogo kwa saa moja kila wiki mbili, ndani ya muda wa kazi unaolipwa, kwa miezi tisa. Hali ya kuwaona wagonjwa kama vitu ilipungua na kazi ikawa na maana zaidi kwao. Karibu nasi, mradi wa kaunti ya Migori nchini Kenya uliunganisha msaada wa wenzao, ulezi wa kitaaluma na mafunzo kwa wahudumu wa wodi za wazazi, kwa hoja kwamba mhudumu aliyechoka ndiye anayemfokea mama. Kwa Iringa ningependa vikundi vya watu 6 hadi 8, vikiongozwa na mtu asiyejaza tathmini ya utendaji ya yeyote aliyeketi hapo. Vitenganishwe kabisa na kikao cha kupitia vifo vya uzazi. Kwenye kikao kile muuguzi anajibu maswali na majibu yanaandikwa. Kwenye kikundi hakuna kalamu, naye anaweza kusema kwamba tangu yule mama afariki anaogopa zamu ya usiku.

Tutajuaje kama vimesaidia? Kupima kabla na baada katika hospitali moja hakutoshi. Ukipima Julai, wodi zikiwa zimejaa, kisha ukapima Oktoba, alama zitashuka hata usipofanya lolote. Ninapendekeza hospitali nne, ile ya Rufaa ya Mkoa, Tosamaganga, Ilula na Mafinga, ziingie kwa zamu. Miezi mitatu ya kwanza zote zinapimwa tu. Kisha kila miezi mitatu moja inaanza mpango, kwa kura iliyopigwa mbele ya waganga wafawidhi wote. Baada ya miezi 15 zote zimeingia, na wakati wote, isipokuwa miezi mitatu ya mwanzo na ya mwisho, kulikuwa na zilizoanza na ambazo bado, hivyo baridi ya Julai inazigusa zote sawa. Kugawa wodi badala ya hospitali kungeongeza idadi ya vikundi, lakini wauguzi huhamishwa wodi hadi wodi na wangebeba mpango pamoja nao. Hospitali nne ni chache kwa takwimu, nalo ni lazima liandikwe wazi kwenye ripoti.

Mtego mkubwa uko kwa wanaoondoka. Tuseme hospitali ina wauguzi 40 wenye wastani wa alama 58. Watano waliochoka kuliko wote, wenye wastani wa 80, wanahama au kuacha kazi. Jumla ilikuwa 2,320. Toa 400, zinabaki 1,920 kwa watu 35, na wastani mpya ni 55. Alama zimeshuka kwa 3 na hakuna hata mtu mmoja aliyepata nafuu. Kwa hiyo matokeo yahesabiwe kwa wale tu waliojibu mwanzo na mwisho, na pembeni yake ziwekwe idadi ya waliohama, waliojiuzulu na siku za ugonjwa.

Kipimo kikuu cha mpango hakitakuwa hisia peke yake. Kila mwezi mtu wa nje anachukua ratiba kama ilivyotekelezwa, pamoja na marekebisho yote ya kalamu, na kuhesabu ni mara ngapi mtu alirudi kazini kabla ya saa 12. Idadi hiyo isiposhuka, ratiba haikubadilika, na dodoso lisiposonga hatutakuwa na haki ya kusema mpango umeshindwa, kwa maana haukufanyika. Ikishuka kwa nusu na alama za fungu la kazi zisipungue angalau 5, kiwango nilichokiweka kabla ya kuanza, basi dhana yangu kuhusu zamu ilikuwa na kasoro na fedha ziende kwingine.

Fedha zenyewe ni mishahara ya wauguzi wanne wa akiba kwa kila hospitali. Hospitali zetu tayari huajiri kwa mikataba kutokana na mapato ya ndani, na hapo ndipo pa kuanzia wakati wa kuandaa bajeti ya mwaka. Hospitali ambayo mapato yake hayamudu hata wawili inapaswa kuitumia kanuni ya kengele peke yake, na kupeleka barua za miezi mitatu, zenye tarehe na idadi ya zamu zisizo na mtu, kwa Mganga Mkuu wa Mkoa pamoja na maombi ya ikama.